Jiko la biashara ndani ya nyumba ya kuishi: mwenye nyumba aandike nini, na mpangaji ajibu vipi

Kisa hiki tumekiunda kutokana na mambo yanayojirudia katika mizozo ya upangaji ya pwani ya Kenya. Watu wake hawana majina, lakini sheria zinazotajwa ni za kweli na ndizo zinazotumika.

Ni jengo la ghorofa nne Bamburi, Mombasa, lenye nyumba kumi na mbili za vyumba viwili. Mpangaji wa ghorofa ya pili alitia saini mkataba wa mwaka mmoja, kuanzia 1 Agosti hadi 31 Julai. Kodi ni shilingi 24,000 kwa mwezi, na dipoziti ni kiasi hichohicho. Anaishi na wanawe wawili, na kodi huingia kwa M-Pesa kabla ya tarehe tano. Mwezi wa Oktoba alianza kupika mahamri na mbaazi za asubuhi kwa majirani. Kufikia Desemba alikuwa akipika biriani na pilau ya oda kila Ijumaa na Jumapili, sufuria za watu hamsini, na boda boda wakipanga foleni langoni kuanzia saa tano.

Mkataba wake una vifungu viwili vinavyohusika. Cha 6 kinasema mpangaji atatumia nyumba kama makazi ya familia yake pekee, na hatafanya humo biashara ya aina yoyote bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Cha 9 kinamkataza kuweka vitu vya hatari au kuwaletea majirani kero. Ni maneno ya kawaida, yamo karibu katika kila mkataba wa nyumba za kuishi nchini, na wengi huyatia saini bila kuyasoma.

Malalamiko yalianza kwa maji. Mwezi wa Januari sinki ya nyumba ya chini ilianza kurudisha maji yenye utando mweupe wa mafuta. Fundi alipofungua chemba alikuta mafuta ya kupikia yameganda kama samli kwenye bomba la inchi nne. Mafuta ya moto hupita bombani vizuri, yakipoa hushika ukutani, na kila sufuria inayooshwa huongeza tabaka. Lakini lililomshtua mwenye nyumba lilikuwa kwenye roshani: mitungi miwili ya gesi ya kilo 50, ile ya mahoteli, mpira wake ukipita chini ya dirisha hadi jikoni kwenye jiko la presha. Mtungi wa nyumbani ni wa kilo 6 au 13. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikatoweka, hutambaa chini na kukaa. Roshani hii ina ukuta wa tofali hadi kiunoni, yaani ni kama beseni. Na bima ya moto ya jengo iliandikwa kwa nyumba za kuishi. Bohari ya gesi ya biashara haikutajwa popote, na hilo peke yake linaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Basi mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Mahali alipoteleza ni jinsi alivyoanza.

Ujumbe wa kwanza, na kwa nini haukufaa kitu

Tarehe 12 Februari ajenti wa nyumba alituma ujumbe wa WhatsApp: "Dada, umevunja mkataba kwa kufanya biashara. Una siku saba uhame, la sivyo tutafunga nyumba." Jibu likaja dakika chache baadaye: "Kaka yangu, mimi napika jikoni kwangu. Kodi nalipa kabla ya tarehe tano, sijawahi kuchelewa. Na keateka wako ndiye mteja wangu wa kwanza kila asubuhi."

Hilo jibu la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, tutalirudia. Kwanza tuutazame ujumbe wenyewe. Hautaji kifungu cha mkataba. Hausemi ni kitendo gani kikome. Unadai mtu ahame, ilhali kosa lenyewe linarekebishika kwa kuacha kupika biashara. Na siku saba hazitokani popote, si kwenye mkataba wala kwenye sheria.

Kodi ya nyumba hii inazidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo haiingii chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Sura ya 296. Linaloongoza ni mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu cha 75 cha sheria hiyo kinasema, hata kama mkataba umesema vingine, mwenye nyumba hawezi kuutwaa upangaji, yaani kuuvunja kabla ya muda wake, kwa sababu ya ukiukaji mpaka atoe ilani ya siku zisizopungua 30, aeleze ni ukiukaji gani hasa, na kama unarekebishika amtake mpangaji aurekebishe. Kinaendelea kusema mpangaji awe ameshindwa kufanya hivyo ndani ya siku 30 baada ya hapo. Ndiyo maana mwenye nyumba mwangalifu huhesabu siku 60 kabla ya kwenda mahakamani, badala ya kubishana baadaye kama ni 30 au 60. Kifungu cha 14 cha mkataba huu kilitaja siku 14 za kurekebisha. Kwa kuomba kitendo kikome, siku 14 ni sawa. Kwa kumtoa mtu ndani, hazitoshi.

Tishio la kufunga nyumba ndilo baya zaidi. Kufuli juu ya kufuli la mpangaji, kukata maji, kung'oa mlango, yote hayo ni kujichukulia sheria mkononi. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu muda wa mkataba wake, na akifungiwa atakimbilia mahakamani kuomba zuio, halafu kesi itahusu kufuli, mitungi isahaulike. Dalali naye hana kazi hapa. Sheria inayomruhusu kushika mali inahusu kodi iliyolala, na huyu hadaiwi hata senti.

Keateka na mahamri

Sasa turudi kwa keateka. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Ardhi kinahesabu kwamba mwenye nyumba ameachilia haki ya kuutwaa upangaji kama alijua ukiukaji, au angejua kwa kuwa makini kidogo, kisha akapokea kodi iliyofika baada ya hapo. Keateka alijua tangu Oktoba, na ni mtu wa mwenye nyumba. Kodi za Novemba, Desemba, Januari na Februari ziliingia zote. Wakili wa mpangaji atazipanga mezani risiti nne za M-Pesa na kuuliza: mlilalamika lini?

Mwenye nyumba ana jibu, nalo ni zuri. Kutumia nyumba kinyume na mkataba ni ukiukaji unaoendelea, unazaliwa upya kila siku sufuria inapotengwa. Kodi ya Januari huenda ilisamehe mapishi ya Desemba, haikusamehe ya Machi. Lakini ni jibu la kupigania, na kila mwezi wa kimya hulifanya lichakae zaidi. Ugumu mwingine ni kwamba kodi inayolipwa kwa Paybill haingoji mtu aikubali, inaingia yenyewe usiku wa tarehe mbili. Kuandika "imepokelewa bila kuathiri haki zangu" ni desturi ya ofisi nyingi na haidhuru, ila asiitegemee kama ngao. Kinachosaidia ni barua ya mapema yenye tarehe, inayoonyesha kuwa hakuridhia.

Kuna hatari ya pili, ambayo wenye nyumba wengi hawaijui hadi imewapata. Sura ya 301, sheria ya maduka, mahoteli na nyumba za chakula, humlinda mpangaji wa biashara ambaye mkataba wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Akishalindwa hivyo, kumtoa kunataka ilani ya fomu maalumu ya miezi miwili au zaidi, yenye sababu zinazotajwa na sheria hiyo, na mpangaji anaweza kuipeleka mbele ya Baraza la Kodi za Majumba ya Biashara. Swali linakuwa kama nyumba hii ni "duka". Sheria inaliita duka jengo linalokaliwa lote au kwa sehemu kubwa kwa ajili ya biashara ya kuuza au kutoa huduma kwa malipo. Nyumba ya chakula ni ile ambayo watu hulia chakula hapohapo, na hii sivyo, maana biriani huondoka kwa pikipiki.

Kwa hiyo mizani iko kwenye hayo maneno "lote au kwa sehemu kubwa". Maadamu mama huyu analala pale na wanawe wanafanyia kazi za shule sebuleni, nyumba bado ni makazi yenye jiko kubwa. Siku akiwahamishia watoto kwa bibi yao Likoni, chumba kimoja kikawa stoo ya mchele na kingine cha kufungia chakula, na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi kimya, hoja ya Sura ya 301 inapata miguu. Huenda ikashindwa, kwa kuwa mkataba ulikataza biashara tangu mwanzo. Lakini miezi ya kubishana ni nani mwenye mamlaka, Baraza au mahakama, mwenye nyumba ataigharamia yeye.

Barua iliyofaa

Tarehe 20 Februari barua ya pili ilitoka, safari hii kwa maandishi na kwa jina la mwenye nyumba. Kiini chake kilikuwa hivi:

"Kwa Bi. (jina kamili), Nyumba B5.

YAH: Matumizi ya nyumba kinyume na kifungu cha 6 na cha 9 cha mkataba wa 1 Agosti.

Chini ya kifungu cha 6 ulikubali kuitumia nyumba kama makazi pekee. Tarehe 31 Januari na 7 na 14 Februari ilionekana kwamba unapika chakula cha kuuza, kwamba wasafirishaji wanakipokea langoni, na kwamba mitungi miwili ya gesi ya kilo 50 imewekwa kwenye roshani.

Ninakutaka: (a) uondoe mitungi hiyo ndani ya siku 5, kwa ajili ya usalama wa wakaaji wote, (b) uache kupika kwa ajili ya kuuza, na kupokea wateja au wasafirishaji hapa, ndani ya siku 30 tangu kuipokea barua hii, (c) tukubaliane juu ya mchango wako katika gharama ya kuzibua bomba, shilingi 6,500, kwa risiti iliyoambatanishwa.

Barua hii pia ni ilani chini ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Sikutaki uhame. Ukirekebisha hayo, mkataba wako unaendelea kama ulivyo hadi 31 Julai."

Sentensi ya "sikutaki uhame" ndiyo iliyofanya kazi. Mpangaji anayeogopa kutupwa nje hutafuta wakili. Anayeambiwa aache kitendo fulani hutafuta mahali pa kukihamishia. Kuutenga mtungi na mapishi nako kulikuwa na maana. Hatari ya moto haingoji mwezi mzima, lakini mtu mwenye oda za harusi zilizolipiwa huwezi kumwambia azime jiko kesho. Mahakama ikija kuisoma barua, itaona mtu aliyepima.

Angalia pia barua ilivyotaja tarehe tatu badala ya "kila mara". Ushahidi wake ulikuwa picha zilizopigwa kutoka uani na ngazini, daftari la mlinzi la pikipiki zinazoingia, na tangazo ambalo mpangaji mwenyewe aliliweka kwenye hali yake ya WhatsApp: bei ya sahani, namba ya tili, na maneno "pick-up B5". Hakuna aliyeingia nyumbani mwake. Kama mwenye nyumba anataka kukagua ndani, mkataba huu unamtaka atoe taarifa ya saa 48, na kumtuma keateka achungulie jikoni mpangaji akiwa sokoni ni kumpa kosa la kukulipizia.

Ilipelekwa mkono kwa mkono, mpangaji akatia saini na tarehe kwenye nakala, kisha ikatumwa kwa WhatsApp kama picha. Angekataa kusaini, ingetosha kuiacha mbele ya shahidi, akaandika jina lake na saa, na kuipeleka pia kwa njia yoyote ambayo kifungu cha mawasiliano cha mkataba kinaitaja.

Upande wa mpangaji

Alijibu baada ya siku nne, kwa hoja tatu. Moja, ana leseni ya biashara ya kaunti. Hiyo haimsaidii hapa. Leseni ni kati yake na kaunti, haibadilishi alichomwahidi mwenye nyumba. Na kubadilisha matumizi ya jengo kutoka makazi kwenda biashara kuna idhini yake ya mipango chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, ambayo si kazi ya mpangaji kuiomba. Mbili, jirani wa ghorofa ya nne hufanya kazi ya uhasibu nyumbani na hajaandikiwa barua. Hapa ana hoja ya usawa, ya kisheria ni nyembamba. Mtu na kompyuta yake mezani hajabadilisha hali ya nyumba: hana wateja, harufu, mzigo wala hatari. Hata hivyo kifungu cha 6 kilivyoandikwa, "biashara ya aina yoyote", kinamkamata hata mhasibu, na mwenye nyumba anayekitumia kwa mmoja na kumfumbia macho mwingine ajiandae kuulizwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu: tangi la maji machafu la jengo halijanyonywa miaka mitatu, kwa hiyo mafuta si yake peke yake. Mwenye nyumba alipopekua risiti za egzosta akakuta ni kweli. Wakagawana, shilingi 3,250 kila mmoja. Angalikata kiasi chote kwenye dipoziti bila kusema neno angekuwa amekosea, kwani mkataba huu, kama mingi mingine, unaiweka dipoziti kwa hesabu ya siku ya kutoka.

Makubaliano yakaandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mitungi ya kilo 50 ilitoka tarehe 24 Februari, ikabaki mmoja wa kilo 13. Oda mbili za harusi zilizokwisha kulipiwa, za Machi, ziliruhusiwa kwa sharti kwamba chakula kipikwe kwingine na nyumbani kifungwe tu. Mapishi ya kuuza yakome tarehe 22 Machi, ambayo ndiyo siku ya 30 tangu barua ipokewe. Mpangaji akapata kibanda chenye jiko kando ya barabara kwa shilingi 9,000 kwa mwezi, hesabu ambayo kwa oda za Ijumaa na Jumapili aliona inalipa.

Na kama angekataa? Siku 60 zingefika 21 Aprili. Madai yangekwenda mbele ya hakimu mwenye mamlaka ya mashauri ya ardhi au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mpangaji angeweza kuomba mahakama imwokoe upangaji wake kwa kuahidi kuacha. Mkataba unaisha 31 Julai. Kesi ya namna hii ni nadra imalizike kwa muda huo. Katika hali hiyo njia fupi ni kumwandikia mapema kwamba mkataba hautahuishwa, jambo lisilohitaji kuthibitisha pilau wala mtungi. Ila hapo pana shimo moja: mkataba ukiisha, mpangaji akabaki, na kodi ikaendelea kupokewa kwa miezi miwili, kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi kinahesabu kwamba umezaliwa upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo Paybill inayopokea yenyewe iangaliwe Agosti kuliko mwezi mwingine wowote.

Walipoketi kuandika mkataba wa mwaka wa pili, kifungu cha 6 kilibadilishwa. Sasa kinaruhusu kazi za nyumbani zisizoleta wateja, wafanyakazi, bango wala mtungi unaozidi kilo 13, na kinakataza zilizobaki zote. Mkataba ukapigwa muhuri wa ushuru wa stempu ndani ya siku 30: asilimia moja ya kodi ya mwaka ya 288,000, yaani shilingi 2,880. Ule wa kwanza haukuwa na muhuri. Mzozo ungefika mahakamani, karatasi ambayo kifungu cha 6 kimeandikwa juu yake isingepokewa kama ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe.